Rekodi Iko Kati ya Noti Mbili: Namna ya Kuipima kwa Senti na Kuifuata kwa Gitaa

Swali hili limenifikia mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandikia mwongozo. Mtu ana rekodi ya zamani, ametyuni gitaa lake vizuri, anataka kupiga sambamba nayo. Akishika C, gitaa liko chini. Akishika C#, limepita. Anahangaika jioni nzima, kisha anauliza: "Niongeze hezi ngapi?"

Swali hilo lina kosa ndani yake. Noti moja haiongezwi hezi sawa na nyingine, na ukijaribu kufanya hivyo uzi mmoja utapatana na rekodi na nyuzi tano zitapotea. Hapa chini nitakuonyesha jinsi ya kujua rekodi imepotoka kwa kiasi gani, na jinsi ya kulifikisha gitaa hapo ilipo, au kuirudisha rekodi mahali pake. Mfano ni mmoja tu na tutaufuata hadi mwisho.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Rekodi yenyewe kama faili, si inayopita redioni.
- Kompyuta yenye Audacity, au simu yenye tyuna inayoonyesha hezi. Tyuna inayoonyesha jina la noti na mshale tu haitoshi.
- Kikokotoo chenye kitufe cha `x^y` na cha `log`. Simu nyingi huvionyesha ukiilaza simu.
- Gitaa, na tyuna inayokuruhusu kubadili kigezo cha A kutoka 440.
- Karatasi na kalamu. Usiweke namba hizi kichwani, utazichanganya.

Nadharia kidogo, nayo usiiruke

Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. A iliyo juu ya C ya kati kwenye piano hutetemeka mara 440 kwa sekunde. A iliyo chini yake ni 220, ya juu yake ni 880. Sasa tazama: kutoka 220 hadi 440 umeongeza hezi 220, lakini kutoka 440 hadi 880 umeongeza 440. Hata hivyo sikio linasema umeruka urefu uleule, oktava moja. Maana yake sikio halihesabu hezi zilizoongezeka. Linasikia uwiano: mara mbili, kisha mara mbili tena.

Oktava imegawanywa nusutoni 12, na tunataka zote zisikike sawa. Kwa kuwa sikio linasikia uwiano, hatua sawa ni zile zinazozidisha kwa namba ileile. Kwa hiyo tunatafuta namba ambayo ukizidisha nayo mara 12 mfululizo unafika mara mbili kamili. Namba hiyo ni kipeuo cha kumi na mbili cha 2, yaani 1.059463 na desimali zisizoisha. Hakuna siri nyingine.

Usiponiamini, jaribu njia ya kujumlisha. Gawa 440 kwa 12 upate 36.67, kisha panda kutoka A kwa kuongeza 36.67 kila hatua. Utafika 880 barabara, hesabu haidanganyi. Lakini hatua ya kwanza, 440 hadi 476.67, ni karibu nusutoni moja na nusu, na ile ya mwisho, 843.33 hadi 880, ni kama robo tatu tu ya nusutoni. Ngazi ina vidato vipana chini na vyembamba juu. Huwezi kupiga wimbo juu yake.

Kwa nini 12 na si 10? Sababu kubwa ni kwamba hatua ya saba kati ya 12 inaangukia karibu kabisa na uwiano wa 3 kwa 2, ambao sikio huupenda sana. Inapungukiwa kidogo mno. Tuendelee.

Senti ni nusutoni iliyokatwa vipande 100 kwa mtindo uleule wa kuzidisha, hivyo oktava ina senti 1200. Kipimo hiki kilitungwa na Mwingereza Alexander Ellis katika miaka ya 1880, alipokuwa akipima mizani ya ala za mataifa mbalimbali na kuhitaji namba anazoweza kulinganisha. Logi inaingia hapa kwa sababu moja: hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Uwiano unazidishwa, senti zinajumlishwa. Fomula utakazohitaji ni mbili tu:

```
senti = 1200 × log(f2 ÷ f1) ÷ log(2)
f2 = f1 × 2^(senti ÷ 1200)
```

Ya kwanza inakutoa kwenye hezi kwenda kwenye senti. Ya pili inakurudisha.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta noti ndefu na uipime.

Sikiliza rekodi upate mahali ambapo noti moja inashikwa peke yake, ikiwezekana noti ya nyumbani ya wimbo, ile ambayo wimbo hutulia juu yake. Ala ya kamba au kinanda ni bora kuliko sauti ya mwimbaji, kwa kuwa mwimbaji huyumbisha sauti kwa makusudi. Kwenye Audacity, chagua kipande hicho, fungua `Analyze`, kisha `Plot Spectrum`. Sogeza kishale hadi kwenye kilele na usome namba ya kilele.

Zingatia kisanduku cha `Size`. Kikiwa kidogo, programu inaona masafa kwa macho mazito. Kwa faili ya sampuli 44100 kwa sekunde, ukubwa wa 4096 hutenganisha masafa kwa karibu hezi 11, na hapo tunapofanyia kazi hezi 11 ni zaidi ya nusu ya nusutoni. Weka 65536, upate hezi 0.67. Gharama yake ni kwamba unahitaji noti iliyoshikwa kwa sekunde moja na nusu hivi. Noti ikiwa fupi, shuka hadi 16384, lakini upime noti ileile sehemu kadhaa za wimbo na uchukue wastani.

Katika mfano wetu kilele kimesomeka 271.

2. Tengeneza namba ya nusutoni kwenye kikokotoo.

Andika hivi, na mabano yake:

```
2^(1÷12)
```

Jibu ni 1.059463. Ukipata 0.1667 umesahau mabano: kikokotoo kimechukua 2 kwa kipeo cha 1, kikagawa kwa 12. Kama kikokotoo chako hakina `x^y` lakini kina vipeuo, chukua kipeuo cha pili cha 2, kisha kipeuo cha pili tena, kisha kipeuo cha tatu. Utapita 1.414214, halafu 1.189207, na kuishia palepale.

Onyo: usikate namba hii kuwa 1.06. Inaonekana jambo dogo, lakini kosa linazidishwa mara 12. Ukipanda oktava nzima kwa 1.06 utakuwa umepita senti 10 na nusu, na oktava iliyopita kiasi hicho kila mtu anaisikia. Kukata kuwa 1.059 kunakupunguzia senti 9. Mafundi wa zamani walivumilia hali kama hiyo: Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alipendekeza mwaka 1581 kupanga freti za luti kwa uwiano wa 18 kwa 17, unaotoa nusutoni ya senti 99. Kwa mkono na uzi wa utumbo wa mnyama ilifaa sana. Wewe una kikokotoo, shika desimali sita.

3. Tafuta noti iliyo karibu.

Anza na A ya 220, kwa kuwa 271 iko juu yake, kisha zidisha hatua kwa hatua: A# 233.08, B 246.94, C 261.63, C# 277.18. Simama hapo. Rekodi yetu ya 271 iko kati ya C na C#.

Ukienda chini badala ya juu, unagawa kwa 1.059463. Wanaoanza wengi hutoa badala ya kugawa, wanafika mahali pasipo na noti yoyote.

4. Pima umbali kwa senti.

Linganisha na C#, iliyo karibu zaidi:

```
1200 × log(271 ÷ 277.18) ÷ log(2)
```

Jibu ni karibu hasi 39. Hasi inamaanisha rekodi iko chini ya C# kwa senti 39. Kutoka C iko juu kwa senti 61, na hii unaipata bila kukokotoa tena, kwa kuwa 39 na 61 ni 100. Hiyo ndiyo raha ya senti. Jaribu kufanya hivyo kwa hezi uone.

Onyo: ile `÷ log(2)` ya mwisho si pambo. Ukiiacha utapata takriban hasi 11.8, jibu linalofanana na ukweli kiasi cha kukuponza. Kwenye lahajedwali unaweza kuandika hivi na usihangaike nayo:

```
=1200*LOG(271/277.18,2)
```

5. Hakikisha kwa noti ya pili.

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, ndipo lawama zinapoanza. Noti moja haikuambii kama rekodi nzima imeshuka, au ni uzi mmoja wa mpigaji uliokuwa umelegea siku ile. Tafuta noti nyingine iliyo mbali kidogo. Katika mfano wetu noti ya tano ya mizani, G#, imesomeka 406. G# halisi ni 415.30. Ingiza kwenye fomula: hasi 39 tena.

Noti mbili zimepotoka kwa senti zilezile, basi rekodi nzima imesogea kwa pamoja. Angalia lakini kwa hezi: ya kwanza imepungua hezi 6, ya pili imepungua hezi 9. Mtu anayehesabu hezi angesema zimepotoka tofauti. Hili ndilo jibu la "niongeze hezi ngapi". Mashine ya kanda ikizunguka polepole, kila mtetemo unachelewa kwa uwiano mmoja, hivyo senti zinabaki sawa na hezi zinatofautiana.

Noti zikitofautiana senti tatu au nne, usijali. Kipimo chenyewe kina makosa. Kwenye 271, hezi moja tu ni zaidi ya senti 6. Zikitofautiana senti 20 au 30, rudi hatua ya 1.

6. Amua rekodi ilikusudiwa kuwa nini.

Hapa hesabu inaishia na sikio linaanza. Senti 39 chini ya C# na senti 61 juu ya C ni mahali pamoja. Huenda wanamuziki walipiga C# na kanda ikachelewa, huenda walipiga C na kanda ikaharakishwa, huenda walishusha nyuzi zao wote pamoja na kanda haina kosa. Namba haitakuambia.

Mimi husikiliza nyuzi wazi za gitaa. Gitaa likipiga C bila kapo, G na E za wazi hulia zenyewe na kuendelea kuvuma baada ya kidole kuondoka. Kwenye C# uvumi huo haupo, kila noti imebanwa. Nikisikia nyuzi wazi, nasema wimbo ni wa C hata kama C# ndiyo iliyo karibu kwa namba. Sikiliza pia kasi ya usemi na urefu wa sauti za waimbaji. Kanda iliyoharakishwa huwafanya wote waonekane wadogo wa umri.

7. Lishushe gitaa, au irudishe rekodi.

Tuseme tumeamua ni C#. Una njia mbili.

Njia ya gitaa: usishushe uzi mmojammoja kwa kukokotoa, badili kigezo cha tyuna. Tumia fomula ya pili:

```
440 × 2^(-39÷1200)
```

Jibu ni 430.2. Weka kigezo cha A kuwa 430 kisha tyuni nyuzi zote kama kawaida hadi tyuna iseme ziko sawa. Utakuwa umekosea chini ya senti moja, na hakuna sikio litakalogundua. Sasa piga kwa C#, kwa kapo kama ni lazima.

Njia ya rekodi: gawa 277.18 kwa 271 upate 1.0228, yaani iongezwe kasi kwa asilimia 2.28. Kwenye Audacity tumia `Change Speed`, ambayo matoleo mapya huiita `Change Speed and Pitch`. Usitumie `Change Tempo`, hiyo hubadili kasi na kuacha noti zilipo, kinyume cha unachotaka. Wimbo wa dakika 4 utafupika kwa sekunde 5 hivi. Kama kweli kanda ilichelewa, huo ndio urefu wake wa asili.

Kama uliamua ni C, njia ya rekodi ndiyo ninayoipendelea: ipunguze kasi kwa asilimia 3.46. Kulipandisha gitaa senti 61 kunataka kigezo cha karibu 456, na mvutano wa nyuzi hukua kwa mraba wa masafa, hivyo kila uzi utavutwa kama asilimia 7 zaidi. Nyuzi mpya zitastahimili. Zilizochakaa zitakatika, na uzi wa kwanza mwembamba ndio hutangulia.

Mambo yakigoma

*Programu inasoma 542 badala ya 271.* Imeshika mtetemo wa pili wa uzi, ambao ni mara mbili ya msingi. Jina la noti halibadiliki, wala senti: bado ni C# iliyoshuka 39. Gawa kwa mbili uendelee.

*Inasoma 813.* Hapa kuna mtego. Hiyo ni mara tatu ya 271, na tyuna itakuambia kwa ujasiri kwamba noti ni G#, chini kwa senti 37. Senti zinaonekana sawa lakini jina limeruka. Ukipata noti isiyoingia kwenye wimbo, gawa kwa 3 kabla ya kulaumu rekodi. Kwenye picha ya masafa, kilele cha kwanza kutoka kushoto chenye vingine vinavyofuata kwa umbali sawa ndicho cha msingi, hata kama si kirefu kuliko vyote.

*Mwanzo wa wimbo ni hasi 39, mwisho ni hasi 25.* Kanda haikuzunguka kwa kasi moja. Kigezo kimoja cha tyuna hakiwezi kufuata hilo. Pima sehemu tatu au nne, kata rekodi vipande, urekebishe kila kimoja kwa asilimia yake.

*Gitaa linapatana na rekodi nyuzi zikiwa wazi, lakini juu kwenye freti ya 12 linapotea.* Kosa si la rekodi. Pima uzi ukiwa wazi, kisha ukiwa umebanwa freti ya 12. Ya pili inapaswa kuwa mara mbili kamili, senti 1200. Ikizidi kwa senti 10, sogeza daraja la uzi huo nyuma kidogo ili uzi urefuke, tyuni tena, pima tena.

*Kila kitu kiko sawa kwenye tyuna lakini A na C# zikipigwa pamoja zinatetema.* Ziache. Mlingano wa nusutoni sawa hufanya umbali huo kuwa senti 400, wakati uwiano safi wa 5 kwa 4 ni senti 386. Kwenye A ya 220 tofauti hiyo husikika kama sauti inayopanda na kushuka karibu mara 9 kwa sekunde. Ukishusha C# hadi itulie, chodi hiyo itapendeza na nyingine zote zenye uzi huo zitaharibika.